Lastiki Iliyochoka: Ngozi Inayobaki Baada ya Kilo 44 Kuondoka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, duka lake lipo Magomeni, na tepu ya kupimia haimtoki shingoni tangu asubuhi hadi anapofunga. Siku aliyoniita chumba cha nyuma alifunga pazia kwanza. Akapandisha blauzi kidogo, akaishika ngozi iliyoning'inia chini ya kitovu, akaiinua kwa vidole vyote vitano, kisha akaiachia.

“Mwanangu, mafuta yameondoka, mfuko wake umebaki,” alisema. “Sasa niambie, na huu mfuko utaondoka lini?”

Alikuwa na umri wa miaka 46. Mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile alikuwa na kilo 118 na sukari iliyokuwa imeanza kupanda. Daktari alimweleza bila kumficha, naye akashika njia: akaacha soda, akapunguza wali na chapati, akatembea kila alfajiri. Alipofika kilo 74 sukari ilikuwa imeshuka, magoti yameacha kumuuma, na ngazi za kwa dada yake alizipanda bila kusimama njiani. Alikuwa amepunguza kilo 44, zaidi ya theluthi ya mwili wake wote. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu ngozi. Mashavu yalilegea, mikono ya juu ikawa na nyama inayotikisika anapokata kitambaa, na wateja wakaanza kumuuliza kwa sauti ya chini, “Mama, unaumwa?” Swali hilo lilimuumiza kuliko mkunjo wa tumbo.

Nilimwahidi kwamba nitamtafutia jibu la kweli. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na katika jambo hili nimeona watu wengi wakipoteza fedha na usingizi kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema. Wengine wanapouona mkunjo hudhani hawajapungua vya kutosha, wakaanza kujinyima chakula upya, mwili ukadhoofika huku mkunjo ukibaki palepale.

Jibu linaanzia kwenye kitu ambacho Shangazi anakijua kuliko mimi. Sketi ikivaliwa na mtu aliyeizidi ukubwa kwa wiki moja, lastiki ya kiunoni hurudi. Ikivutwa hivyohivyo kwa miaka, nyuzi za mpira zilizo ndani hukatika, na hata ukiifua na kuianika haishiki tena. Ngozi nayo ina nyuzi. Chini ya tabaka la juu tunaloliona na kulipaka mafuta kuna tabaka nene lililosukwa kwa nyuzi za aina mbili. Za kwanza huitwa kolajeni, nazo ndizo zinazoipa ngozi uimara ili isichanike. Za pili huitwa elastini, na hizo ndizo lastiki yenyewe, zinazoirudisha ngozi mahali pake baada ya kuvutwa. Kolajeni mwili huendelea kuitengeneza maisha yote, ingawa kwa kasi inayopungua kadiri umri unavyosogea. Elastini karibu yote tunaipata tukiwa tumboni mwa mama na katika utoto. Zikikatika ukubwani, mwili hauna ufundi wa kuzisuka upya kama zilivyokuwa.

Hapo kuna jambo la pili, na ndilo lililomshangaza Shangazi. Ngozi ya mtu mnene haikuvutwa tu, iliongezeka. Madaktari wa upasuaji wanaotibu makovu ya moto huutumia ukweli huu kwa makusudi: huweka kifuko chini ya ngozi nzima iliyo jirani na kovu, wakakijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ngozi ya juu yake ikakua hadi ikatosha kufunika mahali palipoharibika. Mafuta yanayojaa chini ya ngozi kwa miaka 15 hufanya kazi ileile. Ngozi inayozaliwa ni ngozi hai, ina mishipa yake ya damu na mishipa yake ya fahamu. Mwili unajua kuyachoma mafuta pale chakula kinapopungua, lakini haujui kuichoma ngozi. Ndiyo maana mazoezi ya tumbo, hata ukiyafanya mara 200 kwa siku, hayaondoi mkunjo ambao ndani yake hamna mafuta.

Kwa nini basi jirani yake aliyepungua kilo 20 alirudi vizuri, naye akabaki na mfuko? Kwanza ni kiasi chenyewe. Kilo 20 si sawa na 44. Pili ni muda ambao ngozi ilikaa imevutwa. Mimba huvuta tumbo kwa miezi michache, na kwa wengi ngozi hurudi kwa sehemu kubwa. Unene wa Shangazi ulikaa miaka 15 hivi, na ndani ya miaka hiyo alizaa watoto watatu. Tatu ni umri, kwa sababu ngozi ya miaka 22 na ya miaka 46 hazina nguvu sawa ya kujikaza. Asili nayo ina mkono wake, kwani wapo waliorithi ngozi ngumu na wapo waliorithi laini, na hilo hakuna wa kumlaumu. Sigara huharibu kolajeni na kubana mishipa inayoilisha ngozi. Jua kali la miaka mingi huharibu nyuzi za usoni, shingoni na mikononi. Na anayepungua, akanenepa, akapungua tena mara nne huwa anaivuta na kuilegeza lastiki ileile kila mara.

Kuna sababu moja ambayo vitabu vya ng'ambo huipita haraka, nasi hatupaswi kuipita. Nilimuuliza Shangazi kama aliwahi kutumia mkorogo. Alinyamaza, akaendelea kukunja kitambaa, halafu akasema, “Miaka sita. Mwili mzima.” Krimu nyingi za kujichubua huchanganywa na dawa kali za steroidi, zile ambazo daktari humpa mgonjwa wa ngozi kwa siku chache na mahali padogo. Dawa hizo zikipakwa kila siku huzuia seli za ngozi kutengeneza kolajeni. Ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, inachubuka kwa kuguswa tu, na michirizi mipana inatokea mapajani, kwapani na tumboni. Anayejichubua kisha akapungua sana anakuwa amepunguza mafuta chini ya ngozi ambayo tayari ilikuwa imedhoofika. Ukiacha, unene wa ngozi hurudi kwa kiasi, lakini michirizi hubaki. Anayetaka kuacha baada ya miaka mingi amwone daktari wa ngozi, kwa sababu kusitisha ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake, ivimbe na kutoka vipele.

Watu wengi huamini kwamba kosa ni kupungua haraka, na kwamba ukienda polepole ngozi itafuata yenyewe. Sijaona ushahidi unaonitosheleza kusema hivyo. Kiasi ulichopunguza, muda uliokaa mnene na umri wako vina uzito zaidi kuliko kasi. Kasi huleta madhara kwa njia nyingine: anayekaa na njaa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na ngozi isiyo na misuli chini yake huonekana imelegea zaidi ya ilivyo.

Kabla ya kutafuta tiba ni lazima ujue unachokishika mkononi, kwa maana tumbo lililolegea linaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Nilimwomba Shangazi ainame mbele kidogo, ashike mkunjo chini ya kitovu kwa dole gumba na kidole cha shahada, kisha afanye vivyo hivyo na ngozi ya mgongo wa kiganja ili alinganishe. Ngozi ya tumbo yenyewe ni nene kuliko ya kiganja, lakini ikiwa mkunjo ni mwembamba, laini, unakunjika kama kitenge, basi hiyo ni ngozi. Ikiwa kati ya vidole kuna kitu kinene, tuseme sentimeta mbili na nusu au zaidi, chenye uzito na ubaridi kidogo, basi bado kuna mafuta ndani, na hayo yanaweza kupungua. Wake ulikuwa mchanganyiko: sehemu ya juu ya kitovu ngozi tupu, sehemu ya chini bado na mafuta.

Kitu cha tatu kiko ndani zaidi. Alilala chali sakafuni, akakunja magoti, akainua kichwa tu, nami nikaweka vidole katikati ya tumbo lake juu ya kitovu. Vidole vitatu vilizama kwenye mfereji. Hiyo ni misuli ya tumbo iliyoachana, jambo la kawaida kwa waliozaa na kwa walionenepa sana. Mwenye nafasi inayozidi vidole viwili ana tumbo linalotokeza mbele hata akiwa mwembamba, na hakuna mlo utakaolirudisha. Mazoezi ya taratibu ya kukaza tumbo, yakielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yanaweza kupunguza nafasi hiyo. Yale ya kuinuka kwa nguvu kutoka sakafuni yanaweza kulisukuma tumbo nje zaidi, na alikuwa anayafanya kila usiku.

Sasa suala la muda. Ngozi hujikaza yenyewe baada ya kupungua, lakini taratibu mno kiasi kwamba anayejitazama kila siku haioni. Hesabu huanza pale uzito unapotulia. Mabadiliko makubwa huonekana ndani ya mwaka wa kwanza, na madogo yanaweza kuendelea hadi karibu miaka miwili. Uso na shingo hubadilika mapema, na kwa Shangazi mashavu yalikuwa yameanza kujaa kabla ya miezi minane. Tumbo la chini, mikono ya juu na mapaja ya ndani ndiyo yanayochelewa na ndiyo yanayobaki. Kwa mtu aliyepungua kilo 10 au 15 akiwa kijana, huenda asibaki na kitu cha kumsumbua. Kwa aliyepungua kilo 40 na kuendelea baada ya miaka mingi ya unene, ngozi fulani itabaki, na anayemwahidi vinginevyo anataka fedha zake.

Fedha zenyewe zimekwenda. Shangazi alinifungulia kabati: krimu tatu za kukaza ngozi, mkanda wa mpira wa kulala nao, na kopo la unga wa kolajeni lililobaki nusu. Krimu hulainisha tabaka la juu na kuifanya ngozi ing'ae kwa saa chache, lakini hazisuki upya nyuzi zilizokatika kwenye tabaka la chini. Mkanda hubana unapouvaa, ukiuvua kila kitu kinarudi kilipokuwa, na katika joto la Dar es Salaam huacha jasho na vipele. Unga wa kolajeni tumbo huumeng'enya kama linavyomeng'enya maharage au samaki. Mwili unapata protini, na hauna sababu ya kuipeleka moja kwa moja kwenye mkunjo wa chini ya kitovu. Kwa bei ya kopo lile angekula mayai mwezi mzima.

Protini kwa kweli inahitajika, maana ndiyo inayolinda misuli. Kwa uzito wake tulilenga gramu 80 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, kipande kizuri cha samaki kina 20 na zaidi, na dagaa wakavu hutoa protini nyingi kwa bei ndogo. Mwenye ugonjwa wa figo asijipangie kiwango hiki bila daktari wake. Pamoja na chakula alianza kunyanyua uzito: ndoo ya lita 10 kila mkono, kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta na baadaye kusukuma ukingo wa meza. Baada ya miezi minne bega na sehemu ya juu ya mkono vilijaa, na nyama iliyokuwa ikitikisika ikawa na kitu cha kuishikilia. Mapaja na makalio nayo yalipata umbo. Tumbo la chini halikubadilika sana, kwa sababu misuli ya pale ni bapa na haiwezi kujaza mfuko.

Kuna usumbufu wa mkunjo ambao watu huuficha kwa aibu, na ndio ulionifanya nimsihi Shangazi aende kliniki. Ngozi inapogusana na ngozi, jasho halikauki. Chini ya mkunjo wake palikuwa na wekundu wenye unyevu, unaowasha, na vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni. Vile vipele vya pembeni ndivyo dalili ya fangasi. Aliandikiwa krimu ya klotrimazoli, akaelekezwa kupaka hadi wiki moja baada ya ngozi kuonekana imepona, kwani wanaoacha mapema ndio wanaorudi na tatizo lilelile. Baada ya hapo kilichomsaidia ni kuosha asubuhi na jioni, kukausha kwa kugusa bila kusugua, na kuweka kipande cha pamba safi kwenye mkunjo, akikibadilisha kinapolowa. Vipande anavyo vingi, ni mabaki ya dukani. Unga wa mahindi au wa muhogo usiwekwe kamwe. Vipele vikirudi mara kwa mara pima sukari. Pakiuma, pakitoa usaha au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinachoondoa ngozi iliyobaki ni kisu. Wapo madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi katika hospitali kubwa za Dar es Salaam na Nairobi, na kabla ya kuingia chumbani mwao ni vizuri ujue wanachofanya. Kwa tumbo, mkato huenda kutoka nyonga hadi nyonga, chini kabisa pale nguo ya ndani inapofunika. Ngozi na mafuta yaliyoshikamana nayo huinuliwa, misuli iliyoachana hushonwa pamoja, ziada hukatwa, na kitovu huwekwa mahali pake papya. Mgonjwa huwa amelazwa kwa nusukaputi kwa saa kadhaa. Huamka na mirija ya kutoa majimaji, hutembea ameinama siku za mwanzo, na kwa takriban wiki sita hanyanyui ndoo wala mtoto. Ngozi inayotolewa mara nyingi ni kilo chache tu, kwa hiyo si njia ya kupunguza uzito. Kunyonya mafuta peke yake hakumfai mwenye ngozi iliyolegea, maana ni kuondoa kilichokuwa kikiijaza.

Daktari makini atakurudisha nyumbani ikiwa uzito haujatulia kwa angalau miezi sita. Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula husubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Anayetaka kuzaa tena huambiwa azae kwanza, kwa sababu mimba itaivuta tena ngozi. Mvutaji sigara huacha wiki nne au zaidi kabla, la sivyo kingo za jeraha zinaweza kufa kwa kukosa damu. Damu ikiwa pungufu hurekebishwa kwanza. Madhara yapo hata mikononi mwa bingwa: majimaji kujikusanya chini ya ngozi, jeraha kuachia, maambukizi, na damu kuganda kwenye mguu na kupanda hadi kwenye mapafu. La mwisho linaweza kuua, na ndiyo sababu mgonjwa hulazimishwa kutembea mapema. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada la kusema: kama sikio lilipotobolewa kovu liliota na kuvimba, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Kovu la tumbo hufichwa na nguo, la mkono wa ndani halifichiki, na kwa wengine hilo ni badiliko la kasoro moja kwa nyingine.

Shangazi aliyasikiliza yote, akauliza bei, akauliza nani atalifungua duka kwa wiki sita. Kisha akasema, “Kwanza nijue huu mfuko umefika mwisho wake.” Nadhani aliamua vizuri.

Kipimo chake kinaweza kumfaa yeyote. Simama wima, pima kwa tepu kuanzia mstari ambapo mkunjo unaota hadi ncha yake ya chini, andika tarehe na uzito wa siku hiyo, halafu usiuguse kwa miezi mitatu. Uzito ukiwa uleule na kipimo kikipungua, ngozi bado inafanya kazi, subiri. Vipimo viwili vikifuatana bila tofauti baada ya mwaka, ujue inakaribia kumaliza, na huo ndio wakati wa kuamua kama utaishi nayo au utamwona bingwa. Kabla ya hapo, ewe msomaji, usitoe hata shilingi kwa anayekuuzia krimu ya kukaza.

Daftari la Shangazi, lile la vipimo vya wateja, lina ukurasa wake mwenyewe mwishoni. Uzito kilo 74 mara zote. Septemba sentimeta 11, Desemba 9, Machi 8, Juni 8.